Safari ya Maji Chini ya Tuta: Zoezi la Kando ya Ziwa Tlawi

Ziwa Tlawi liko karibu na mji wa Mbulu, juu kule kwenye nyanda za juu zilizo magharibi mwa Bonde la Ufa. Ni ziwa dogo la maji baridi, na kama yalivyo maziwa mengi ya namna hiyo, kingo zake zina sehemu za kinamasi zinazoota mafunjo na matete. Mwanafunzi wa uhandisi ujenzi akiona mafunjo anapaswa kusoma jambo moja: hapa udongo laini umekuwa ukitua taratibu ndani ya maji yaliyotulia, na tangu utue haujawahi kubeba kitu kizito zaidi ya uzito wake wenyewe. Sasa chukulia tunataka kuvusha barabara kwenye kipande kama hicho, mita 200 tu, ili lori la vitunguu saumu lisizunguke mlima wakati wa mvua. Tuta liwe na kimo cha mita 3 juu ya ardhi. Tufanyeje na mfinyanzi ulio chini?

Lekcha zetu hujibu swali hili kwa jedwali la njia tatu: kutanguliza mzigo na kusubiri, kuchomeka mifereji ya wima ya kutoa maji, au kuutoa udongo wote mbaya na kujaza mzuri. Kila njia ina safu ya faida na safu ya hasara, tunakariri, tunafanya mtihani, yanaisha. Tatizo la jedwali ni kwamba linafanya njia hizi zionekane kama soda tatu kwenye friji, unachagua unayoipenda. Ukikaa na namba utaona ardhi yenyewe ndiyo inayochagua, na inachagua kwa kigezo kimoja kikubwa: maji yaliyonaswa ndani ya mfinyanzi yana safari ndefu kiasi gani kufika mahali pa kutokea.

Kwanza tutenganishe udongo wa aina mbili ambao tunapenda kuuchanganya. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, ugomvi wake ni mabadiliko ya unyevu karibu na uso wa ardhi. Huo ndio tunaoufahamu zaidi, na mwongozo wa usanifu wa barabara wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 unaupa maelekezo yake. Mfinyanzi laini wa kando ya ziwa ni mgonjwa wa aina nyingine. Umeloa mwaka mzima, hauna nguvu, na ukibebeshwa mzigo unajikamua polepole kama sifongo. Kipimo cha CBR hakiusemi vizuri, maana CBR kinahusu udongo wa juu. Kinamasi kikikauka kidogo kiangazi, juu panafanyika gamba gumu la kama mita moja. Unapima gamba, unapata jibu la kuridhisha, halafu unapanda tuta juu ya mita 6 za uji ambao hukuuuliza chochote.

Namba nitakazotumia hapa ni za zoezi, si za upimaji uliofanyika Tlawi, ila zimo ndani ya mipaka ya kawaida ya udongo wa aina hii. Juu kuna gamba la mita 1. Chini yake mfinyanzi laini wa mita 6, wenye uzito wa kilonewtoni 16 kwa mita ya ujazo. Chini kabisa kuna udongo mgumu wa mwamba uliooza, ambao haupitishi maji ya maana. Kiangazi maji hushuka hadi chini ya gamba. Nguvu ya mfinyanzi dhidi ya kukatika, iliyopimwa kwa mapanga madogo manne yanayozungushwa ardhini, yaani vani, ni kilopaskali 12. Kupata picha: kidole gumba kinazama humo bila kulazimishwa sana.

Swali la kwanza ni tuta litatitia kiasi gani. Katikati ya tabaka la mfinyanzi, chembe za udongo tayari zinabeba 35 kPa: 17 kutoka kwenye gamba, na 18 kutoka kwenye mita 3 za mfinyanzi baada ya kutoa nguvu ya maji ya kuelea. Tuta la mita 3 lenye uzito wa 20 kwa mita ya ujazo linaongeza 60. Kanuni ya mgandamano ni hii:

```
S = H × Cc/(1+e0) × log10[(p0 + Δp)/p0]
```

H ni unene wa mfinyanzi, p0 mzigo uliopo, Δp mzigo unaoongezwa. Jaribio la maabara likitupa Cc ya 0.5 na e0 ya 1.5, jibu ni mita 0.52. Lakini hapo hatujamaliza. Tuta likitia nusu mita, kimo cha barabara kinapungua, nasi tunalazimika kujaza tena ili kukirudisha, na kile tulichojaza nacho ni mzigo. Rudia hesabu mara mbili tatu, itatulia: tunahitaji kumwaga mita 3.6 za udongo, sawa na 72 kPa, ili hatimaye zibaki mita 3 juu, na ardhi itatitia sentimita 58. Wengi hukomea kwenye 52 kwa sababu swali la mtihani huwa linakomea hapo.

Sentimita 58 peke yake si balaa. Barabara inaweza kushuka sentimita 58 kabla ya lami na hakuna atakayejua. Balaa ni ikishuka baada ya lami, na ikishuka sehemu moja zaidi ya nyingine. Kwa hiyo swali zito ni la pili: itachukua muda gani?

Hapa ndipo Karl Terzaghi anapoingia, na kazi yake ya mwaka 1925. Mzigo unapowekwa juu ya mfinyanzi uliojaa maji, siku ya kwanza chembe za udongo hazihisi kitu. Maji ndiyo yanayobeba. Msukumo wa maji unapanda, maji yanatafuta njia ya kutoka, na kadiri yanavyotoka ndivyo mzigo unavyohamia kwenye chembe, udongo unasongamana na kutitia. Kasi inategemea vitu viwili: jinsi udongo unavyopitisha maji, ambayo tunaiweka kwenye namba moja iitwayo cv, na urefu wa njia ya maji, d. Muda wa kufikia asilimia 90 ya mgandamano ni 0.848 × d² ÷ cv. Angalia kile kipeo cha pili juu ya d, ndicho mwenye mali hapa. Njia ikiwa mara tatu, muda ni mara tisa.

Kwetu maji yanatokea juu tu, kwa kuwa chini kumezibwa. Tone lililo chini kabisa lina safari ya mita 6. Weka cv ya mita 1 ya mraba kwa mwaka, kawaida kabisa kwa mfinyanzi laini, na jibu ni miaka 30 na ushee. Kama chini ya mfinyanzi kungekuwa na mchanga badala ya udongo mgumu, maji yangetoka juu na chini, d ingekuwa 3, na muda ungeshuka hadi miaka saba na nusu. Udongo uleule, unene uleule. Kilichobadilika ni kitu kilicho chini ya udongo tuliokuwa tunauchunguza. Ndiyo maana tundu la uchunguzi linalosimama mara tu linapogusa "pagumu", bila kueleza hicho kigumu ni nini na kinapitisha maji au hapana, ni tundu nusu. Hata kamba ya mchanga ya sentimita 5 katikati ya tabaka, kama inaendelea hadi nje ya tuta, inabadilisha hesabu nzima.

Sasa tuijaribu njia ya kwanza: kutanguliza mzigo. Wazo ni zuri na la bei poa. Unajenga tuta kwa udongo uleule utakaotumika, unaongeza udongo wa ziada juu yake, unasubiri. Ardhi ikishatitia kiasi ambacho barabara yenyewe ingesababisha, unauondoa ule wa ziada na kuweka tabaka za barabara. Hakuna mtambo wa ajabu. Tipa, greda, na uvumilivu.

Tuongeze mita 2 za ziada. Mwisho wa mgandamano chini ya mzigo huo mkubwa ungekuwa sentimita 75, nasi tunahitaji 58 tu, yaani tunaweza kuondoka tukifika asilimia 78. Ukiipiga hesabu unapata miaka 19. Mkandarasi mwenye mkataba wa miaka miwili atakuangalia tu.

Na kuna kizuizi kinachokuja hata kabla ya subira. Ardhi yenye nguvu ya 12 kPa inakatika ikibebeshwa takriban mara 5.14 ya nguvu hiyo, sawa na 62 kPa. Tuta letu la mita 3.6 lina 72. Likipandishwa kwa mkupuo halitatitia taratibu, litapasuka katikati na kuteleza ubavuni, na ile ardhi ya pembeni kwenye mafunjo itainuka kama mgongo wa kiboko. Tukitaka usalama wa 1.3, mzigo wa kwanza usizidi 47 kPa, kama mita 2.3 za tuta. Kwa hiyo mita 2 ziende kwanza, ardhi ipate nguvu kwa kutoa maji, halafu tuendelee. Lakini kusubiri ardhi ipate nguvu ni kusubiri maji yaleyale yenye safari ya mita 6.

Kutanguliza mzigo peke yake si njia mbaya, ila ina mahali pake. Kingoni mwa kinamasi, ambako mfinyanzi umepungua hadi mita 2 na chini yake kuna mchanga, safari ya maji ni mita 1 na asilimia 90 inafika ndani ya miezi kama 10. Hapo ukileta mtambo wa mifereji ya wima unachoma fedha ya serikali.

Njia ya tatu, kutoa udongo na kujaza mwingine, ndiyo inayopendwa zaidi na wenye haraka, na naielewa sababu yake. Mkandarasi ana kijiko na tipa tayari. Mhandisi mshauri analala usingizi, kwa sababu tope limeondoka. Kwenye tabaka la mita moja au mbili ni jibu zuri kuliko yote, hasa kama juu kuna tabaka la majani na mizizi ya mafunjo iliyooza nusu. Tabaka hilo litolewe hata kama utatumia njia nyingine kwa udongo ulio chini yake, kwa sababu mabaki ya mimea huendelea kusinyaa miaka mingi hata baada ya maji kutoka.

Tatizo linaanza kina kinapoongezeka. Kwenye kina cha mita 3, shimo lenye upana wa mita 24 chini, sawa na kitako cha tuta letu, na kingo zilizolazwa mita 2 kwa kila mita 1 ya kina, kwa urefu wa mita 200 linatoa mita za ujazo 18,000. Kina kikiwa mita 7, yaani gamba pamoja na mfinyanzi wote, haziwi mara mbili na kidogo kama ungetarajia. Zinakuwa zaidi ya 53,000, kwa sababu kila mita unayoshuka inapanua mdomo wa shimo. Kwa tipa ya mita za ujazo 15 hizo ni tripu zaidi ya 3,500 za kutoa tope na zingine kama hizo za kuleta jiwe na changarawe, bado hujahesabu kwamba udongo ukichimbwa hutanuka. Na tope hilo linamwagwa wapi? Mashamba ya Mbulu yamebanana kwenye miteremko. Hakuna mzee atakayekupa shamba lake umwage uji ambao hautakauka hata misimu miwili.

Tena hiyo ni hesabu ya shimo linalokubali kusimama. Mfinyanzi wa 12 kPa ukiukata wima unasimama hadi karibu mita 3, na hiyo ni bahati ya saa chache. Ukizilaza kingo unapata nafasi zaidi, lakini mita 7 shimo likiwa kavu haliwezi. Linajaza lenyewe kutoka pembeni, na kijiko kikiwa ukingoni kinaingia nacho. Wenye uzoefu huacha maji ndani ya shimo yasaidie kushikilia kingo, huchimba vipande vifupi, na kujaza jiwe nyuma ya kijiko siku hiyohiyo. Jiwe, si moramu, kwa sababu chini ya maji huwezi kushindilia. Hatari ya kazi hiyo ni kwamba huoni unachofanya. Bonge la tope likibaki limenaswa chini ya jiwe, lenyewe litatitia na jirani yake hatatitia, na baada ya miaka miwili barabara ina bonde pale lilipo. Ukitaka kujua, toboa kupita jiwe baada ya kujaza na ulitafute tope. Kutegemea kumbukumbu ya opereta haitoshi.

Uganda, ambako barabara nyingi hukutana na vinamasi vya mafunjo, walifikia mahali kwenye barabara ya kasi ya Kampala hadi Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018, wakaamua kutopambana na kinamasi cha Nambigirwa kabisa. Wakajenga daraja la zaidi ya kilomita 1.4 juu yake. Hilo nalo ni jibu, kama una fedha ya daraja. Barabara ya vitunguu saumu haina.

Tunabaki na mifereji ya wima, na hapa nitakaa kidogo. Kitu chenyewe ni mkanda wa plastiki wenye upana wa sentimita 10 na unene wa milimita 4 hivi, una vijia ndani na umevikwa kitambaa kinachopitisha maji lakini kinazuia udongo. Fikiria utambi wa koroboi, ila wa kutoa maji. Mtambo unaushika ndani ya bomba la chuma, unalichomeka hadi chini ya mfinyanzi, kibati kidogo kinaunasa utambi huko chini, bomba linatoka, utambi unabaki na kukatwa juu ya ardhi. Unasogea hatua moja, unarudia. Kabla ya hapo unakuwa umetandaza blanketi la mchanga safi la nusu mita hivi, ambalo kazi yake ni mbili: kubeba mtambo usizame, na kuyapokea maji yanayopanda kwenye tambi na kuyapeleka pembeni.

Tambi haziongezi nguvu yoyote kwenye udongo. Zinachofanya ni kufupisha safari. Tone lililokuwa na mita 6 za kupanda sasa lina kama nusu mita ya kwenda pembeni. Tena mfinyanzi uliotua kwa matabaka hupitisha maji pembeni kwa urahisi kuliko kwenda juu, kwa hiyo badala ya cv ya 1 tunaweza kuchukua 1.5. Mtindo wa hesabu ulioanzishwa na Barron mwaka 1948 na kurahisishwa baadaye na Hansbo wa Uswidi unatupa hivi:

```
t = D²/(8·ch) × F × ln[1/(1 − U)]
```

D ni kipenyo cha eneo linalohudumiwa na utambi mmoja, na ukizipanga tambi kwa pembetatu ni 1.05 mara ya umbali kati yao. F inabeba ukubwa wa utambi na kitu kingine ambacho usipokiweka kitakuumbua: udongo ulioparuzwa na lile bomba likiingia. Pembezoni mwa kila utambi kuna pete ya tope lililovurugwa ambalo limepoteza vijia vyake vya asili. Kwa umbali wa mita 1.2 bila kuhesabu pete hiyo, F ni 2.2 na asilimia 90 inafika baada ya miezi 8. Ukiihesabu, F inafika 3.3 na muda ni miezi 12. Miezi minne ya mkataba imejificha kwenye sentimita chache za udongo uliochafuliwa. Ndiyo sababu wauzaji wa tambi huongea sana kuhusu utambi na kidogo kuhusu bomba. Ukinunua, uliza bomba lina unene gani.

Sasa tuta letu linajengeka. Mita 2 za kwanza zinapanda, na baada ya miezi 6 asilimia 70 ya mgandamano wake imefanyika. Nguvu ya mfinyanzi imepanda kutoka 12 hadi 18 kPa, kwa makadirio kwamba kila 1 kPa inayohamia kwenye chembe inaongeza nguvu ya 0.22. Hiyo inaruhusu kufika mita 3.6, kwa usalama wa karibu 1.3. Miezi 4 mingine, nguvu imefika 23, tunaongeza mita 1 ya ziada. Miezi 4 tena, ardhi imetitia zile sentimita 58, tunauondoa mzigo wa ziada na kuanza tabaka za barabara. Miezi 14, dhidi ya miaka 30. Kwa kitako cha mita 24 na urefu wa mita 200 zinahitajika tambi kama 3,900 za mita 7 kila moja, jumla kilomita 27. Kazi ya kuzichomeka ni ya siku chache hadi wiki mbili. Gharama kubwa haiko kwenye plastiki. Iko kwenye kupandisha mtambo mrefu kutoka Bondeni hadi nyanda za juu za Mbulu kwa ajili ya kazi ya wiki mbili, na kuurudisha. Kwa mita 200 tu inauma. Kama njia hiyohiyo ina vipande vitano vya namna hii, vichomekwe vyote kwa safari moja ya mtambo, na bei inabadilika kabisa.

Tahadhari moja kuhusu kina cha tambi. Uwanja wa ndege wa Kansai, Japani, uliofunguliwa mwaka 1994 kwenye kisiwa cha kutengenezwa, ulichomekwa mifereji ya mchanga kama milioni moja kwenye mfinyanzi wa juu wa sakafu ya bahari, na sehemu hiyo ilifanya kazi yake. Kisiwa kimeendelea kutitia kwa sababu ya tabaka za zamani zaidi zilizo chini kabisa, ambako mifereji haikufika. Tambi zinaponya udongo zilioufikia tu.

Baada ya tambi kuingia, kazi inahamia kwenye kupima, na hapa ndipo miradi mingi inapozembea. Bamba la chuma linalazwa juu ya ardhi kabla ya tuta, likiwa na fimbo inayorefushwa tuta likipanda; unasoma kimo chake. Pizomita zinawekwa ndani ya mfinyanzi, katikati ya tambi, zinasoma msukumo wa maji. Vigingi vinapangwa nje ya kitako cha tuta kuangalia kama ardhi inasogea pembeni. Kigingi kikianza kusogea kwa kasi siku hadi siku huku bamba likishuka ghafla, tipa zisimame, hata kama meneja ana ratiba. Ukiona nyufa ndefu juu ya tuta, sambamba na barabara, umechelewa kidogo. Ondoa udongo juu au ongeza kitako cha pembeni leo, si Jumatatu.

Na bamba linaweza kukueleza mwisho kabla haujafika. Mbinu ya Asaoka, ya mwaka 1978, inahitaji vipimo vya muda sawa chini ya mzigo usiobadilika. Tuseme baada ya kuweka mita ya ziada tumesoma mwezi kwa mwezi sentimita 47.0, 51.0 na 54.2. Hatua ya kwanza ni 4.0, ya pili 3.2, kila hatua ni 0.8 ya iliyotangulia. Hatua zikiendelea kupungua hivyo, jumla yake kuanzia 47 ni 4.0 ÷ (1 − 0.8), yaani 20, na mwisho ni 67. Hesabu ya maabara ya mzigo huo nayo ilitupa 67, kwa hiyo tunaelewana na ardhi. Mwezi unaofuata itasoma karibu 56.8, unaofuata 58.8, na hapo tumepita 58 yetu. Kwenye kazi halisi usitumie vipimo vitatu tu, chora hata kumi, na kila unapoongeza mzigo anza upya.

Kama bamba limetulia lakini pizomita bado inasoma msukumo mkubwa, usishangilie. Maji bado yamo, yamekosa njia. Pengine tambi zimejikunja udongo uliposongamana, au blanketi la mchanga limezibwa pembeni na tope la mvua na maji hayana pa kwenda. Chimba kwenye kitako cha tuta uone kama mchanga unatiririsha. Mvua za Mbulu zikianza Novemba mitaro ya pembeni ikajaa, blanketi linageuka bwawa. Hali ya kinyume, pizomita imeshuka hadi kawaida na bamba bado linashuka polepole, inakuelekeza kwenye mabaki ya mimea yaliyosahauliwa chini.

Kalavati nayo isubiri. Ukiijenga mwanzoni juu ya nguzo imara, tuta litashuka pande zote mbili na yenyewe itabaki juu kama nundu. Ukiijenga mwanzoni bila nguzo, itashuka na kuvunjika viungo. Weka bomba la muda la kupitishia maji wakati wa kutitia, halafu kata tuta na ujenge ya kudumu mzigo ukishaondolewa.

Kwa kipande chetu cha mita 200, basi, nisingechagua njia moja. Mfinyanzi wa kinamasi haukatiki ghafla, unapungua kuelekea nchi kavu. Mita 30 au 40 za kila mwisho, ambako tope halifiki mita 2, ningetoa na kujaza, nikizilaza ncha za shimo taratibu ili kusiwe na ngazi kati ya udongo unaotitia na usiotitia. Katikati ningechomeka tambi na kupandisha mzigo kwa hatua tatu. Na kama matundu ya uchunguzi, moja kila mita 25 hadi kwenye kigumu na mita 3 ndani yake, yangeonesha mchanga chini ya mfinyanzi, ningerudi mezani na kuipa subira nafasi nyingine: weka tambi mbali zaidi, mita 1.5 badala ya 1.2, au kwenye sehemu nyembamba uziache kabisa. Matundu hayo tisa yanagharimu kidogo kuliko wiki moja ya tipa, lakini kwenye bajeti ya mradi ndiyo hukatwa kwanza.